Kusonya, kuzungusha macho na vijembe ndani ya nyumba: namna ya kuviacha, mwongozo wa siku 24

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kila wiki, mtu anakuja anasema "sisi hatugombani kabisa, hatupigani, hakuna michepuko, ila sijui kwa nini nyumba imepoa", ukimuuliza mnaongeaje anakwambia kawaida tu, alafu anakupa mfano wa jana na ndani ya mfano kuna msonyo mmoja, "hongera mheshimiwa" moja na jicho moja limezungushwa mpaka juu ya dari. Yeye hajaona kitu hapo. Mimi pia sikuwa naona, na kwa nyumba yetu mwenye tatizo nilikuwa mimi, sio mama Nasra.

Nadharia kidogo tu alafu tunaanza kazi. Kuna lalamiko, kuna lawama, kuna dharau. "Umechelewa na hukunipigia" ni lalamiko, linahusu tukio moja. "Wewe huwa hujali mtu" ni lawama, imehama kutoka kwenye tukio imeenda kwa mtu. "Huyu naye, saa yenyewe hajui kuisoma" na mdomo umebetuliwa, hiyo ni dharau, yaani umepanda juu ya meza unamwangalia mwenzio akiwa chini. John Gottman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alirekodi wanandoa kwa miaka mingi wakizungumzia ugomvi wao, na katika tabia zote alizohesabu dharau ndiyo iliyotabiri talaka kuliko nyingine yoyote. Kelele hazikushika nafasi hiyo, imeshika dharau, ambayo jirani hata haisikii.

UNAVYOHITAJI

Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu yenye paswedi, maana ukiacha wazi mwenzio akakuta orodha utaeleza mpaka asubuhi. Alamu moja ya jioni. Siku 3 za kujihesabu na siku 21 za kufanya. Basi. Ruhusa ya mwenzio huhitaji na wala usimtangazie kwamba umeanza programu, ukitangaza atakaa anakuchunguza kama mtihani na siku ya kwanza ukiteleza utasikia "si ulisema umebadilika?"

HATUA YA 1: Jihesabu siku 3, usibadilishe kitu

Siku 3 za kwanza ishi kama unavyoishi, ila kila ukifanya mojawapo ya haya weka mstari kwenye daftari na neno moja la kukukumbusha ilikuwa wapi.

Ya usoni: kuzungusha macho, kukata jicho, kubetua mdomo, na ile ya kuvuta kona moja ya mdomo kama unatabasamu nusu. Hiyo ya kona moja ndiyo ngumu kuikamata maana mwenyewe unahisi unatabasamu.

Ya sauti: msonyo, "mh!" ya puani, kicheko kifupi cha "heh", kupumua kwa nguvu mtu akianza kusimulia.

Ya maneno, na hapa Kiswahili kimetupa silaha nyingi kuliko tunavyojua. Kwanza vyeo: mheshimiwa, profesa, bosi, malkia, vyote ni vya heshima lakini ukivivuta kidogo vinageuka matusi. Pili zile ki na ka: kiduka chako, kamshahara kako, vibiashara vyenu hivyo. Hujatukana mtu, umepunguza tu saizi ya kitu chake, na yeye amepungua nacho. Tatu "eti": "eti amechoka". Nne kulinganisha, waume wa wenzio, wake wa wenzangu.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu ya mwenzio. Daftari ni lako, yake haituhusu kwa siku hizi 24.

Mimi siku 3 za kwanza nilipata 23. Kilichonishtua ni kwamba neno "kiduka" pekee lilitokea mara 7. Mke wangu anauza vitenge na madera, ana fremu moja, na ada ya Nasra ya mihula miwili ilitoka kwenye hicho "kiduka". Alafu nikakumbuka kitu kingine, kwamba habari za dukani alikuwa ameacha kuniambia muda mrefu, mpaka kwamba ameajiri msichana wa kumsaidia nilisikia kwa dada yangu, yaani wifi yake anajua mimi sijui. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia kuliko ugomvi: mwenzio ameacha kukuletea habari. Mtu hapeleki habari mahali ambapo anajua zitachekwa.

HATUA YA 2: Chimba chini ya kila mstari utoe ombi

Chini ya kila kijembe kuna ombi ambalo hukulisema. Jioni ya siku ya 3 kaa na orodha yako, chagua mitano tu, na kila mmoja uandike upya kwa sentensi tatu: kilichotokea, nilichohisi, ninachoomba. Usitumie "wewe huwa" wala "kila siku".

Nakupa wa kwangu mzima mzima. Saa 2 usiku umeme ukakata, luku imeisha. Mchana nilikuwa nimemtumia elfu kumi anunue. Nikasonya, nikasema, "Hongera mheshimiwa, leo tulale kama popo." Hakujibu. Akaingia chumbani akatoka na simu yake, imezima chaji. Kumbe alinunua, namba ilikuja mchana ikabaki ndani ya simu, akasahau kuiingiza, jioni simu ikazima. Tukaichaji kwenye pawa benki ya mpangaji mwenzetu, alafu tukasimama wote wawili kwenye mita, mimi namulika na tochi, yeye ananisomea zile tarakimu 20, nne nne, hatuongei kingine chochote. Umeme ukarudi, kila mtu akaenda upande wake. Mgogoro haukuwepo usiku ule, ila wiki nzima alinijibu "sawa" tu.

Sasa angalia. Kijembe changu hakikumwambia nataka nini. Nikiandika upya inakuwa hivi: "Mama Nasra, umeme umekata na mchana nilituma ya luku. Nimechoka na bado nina kazi ya kumaliza, imeniudhi. Naomba namba ikiingia tuiweke mitani hapo hapo." Ni lalamiko bado, sijageuka malaika, nimekasirika na nimesema nimekasirika. Tofauti ni kwamba hili analo la kujibu, angesema "nilinunua, simu imezima", tungeishia hapo. "Hongera mheshimiwa" haina jibu, ukijibu unakuwa mgomvi, ukinyamaza umekubali kwamba wewe ni mjinga.

Tahadhari: usichukue hayo maombi matano ukayamwaga yote usiku mmoja. Moja kwa wiki inatosha, na lisemwe wakati hakuna ugomvi.

HATUA YA 3: Wahi uso kabla haujasema

Uso unatangulia. Kabla hujaamua kitu macho yameshapanda. Kwa hiyo usijiambie "leo sitazungusha macho", haifanyi kazi, upe uso kazi nyingine. Ukihisi ile joto ya kudharau inapanda, angalia mikono yako mwenyewe na uache taya zilegee, meno yasigusane. Msonyo hautoki kirahisi ukiwa umelegeza taya, jaribu sasa hivi uone. Alafu rudia kwa maneno yako alichosema yeye: "kwa hiyo unasema mtoto alilala saa 5?" Sekunde tatu umezipata, zinatosha kuchagua.

Kama moyo unadunda kabisa na maneno mabaya yako mlangoni, ondoka lakini kwa taarifa: "Nimepandwa, naomba dakika 20 narudi tumalize." Dakika 20 sijazitunga, watafiti haohao wa wanandoa waliona kwamba mwili ukishachemka hivyo unahitaji angalau huo muda ndio utulie. Kuondoka bila kusema unarudi lini ni dharau nyingine, mtu anabaki anaongea na ukuta. Na hizo dakika 20 usizitumie kupanga hoja za kumpiga nazo, fua hata soksi.

HATUA YA 4: Kila siku ona kitu kimoja

Kuanzia siku ya 4, alamu ikilia jioni, andika kitu kimoja alichofanya leo. Kimoja, cha leo, kinachoonekana kwa macho.

Watu wengi wanakwama hapa wanasema hakuna. Mwaka 1980 watafiti wawili, Robinson na Price, waliweka watazamaji ndani ya nyumba za wanandoa wahesabu mema wanayotendeana, na wanandoa wenyewe wahesabu pia. Wenye furaha hesabu zao zilikaribiana na za watazamaji. Wale wasio na furaha waliona kama nusu tu ya mema yaliyotendeka mbele yao. Yaani nusu nyingine ilifanyika, imepita, mwenye kutendewa hakuiona. Jicho likizoea kutafuta kosa linakuwa kama trafiki barabarani, gari zima halimhusu, linalomhusu ni lile lenye taa mbovu.

Kwa hiyo tafuta kwenye mambo yaliyokwisha kuwa kawaida. Nani alijaza ndoo maji yalipotoka saa 10 alfajiri? Nani anakumbuka dawa ya presha ya mama yako? Nani alifunga geti? Nani kakuachia ukoko kwa sababu anajua unapenda? Usisubiri kitu kikubwa.

HATUA YA 5: Kiseme, kwa vipande vitatu

Hii ndiyo kazi yenyewe, siku 21. Sema alichofanya, lini, na kilikusaidia nini wewe. Kisizidi sekunde 15.

Mbovu: "Asante kwa kila kitu mke wangu." Hiyo ni kadi ya send-ofu, haina kilichoonwa ndani yake.

Nzuri: "Leo asubuhi umeninyooshea shati bila kukuambia, nimewahi gari la saa 12, ningechelewa kikao."

Nzuri: "Baba Nasra, jana ulivyompigia fundi mwenyewe na kumsimamia mpaka akaondoka, mimi nililala mchana mara ya kwanza wiki hii."

Ona kwamba hiyo mifano miwili haina neno "asante" wala "hongera", na nimefanya makusudi. Nyumba iliyoishi na kejeli muda mrefu maneno haya yameshaharibika. "Asante sanaaa" ndilo neno ulilokuwa unatumia alipomwaga chai, "hongera" ulimpa luku ilipoisha, sasa leo ukilisema kwa moyo safi sikio lake linasubiri ncha ya kisu. Wiki ya kwanza taja tendo tu uache. "Asante" utairudisha baadaye polepole ikiwa imeshaoshwa.

Wakati mzuri ni baada ya kula kabla simu hazijatoka, au mnapozima taa. Mbaya ni wakati unatoka na unaomba hela, au umemtafuta kitandani, ataunganisha na atakuwa sahihi.

Makosa ninayoyaona kila mara ni matatu. La kwanza ni "lakini": "shati umelinyoosha vizuri leo, lakini kola bado." Hiyo sentensi ina kitu kimoja tu ndani yake, nacho ni kola. Kama kola inakukera iombee kesho. La pili ni sifa yenye mwiba wa jana: "leo angalau umewahi." Angalau, leo, hata wewe, kumbe unaweza, hayo yote yafute. La tatu ni kudai risiti, umemsifia alafu unakaa unasubiri akusifie. Hakuna mkopo hapa.

Na usichanganye na ile hesabu maarufu ya Gottman ya mema matano kwa baya moja. Ile ni picha ya namna wanandoa wanaodumu wanavyoongea hata wakiwa katikati ya mabishano, ndani yake kuna vichekesho vidogo, kukubali hoja, kushika mkono. Siyo leseni ya kusema kijembe kimoja alafu ulipie kwa sifa tano.

HATUA YA 6: Ukiteleza rudisha siku hiyohiyo

Utateleza, mimi siku ya 6 nilisonya mbele ya Nasra. Usijitetee na usisubiri mwenzio aseme. Taja kitu chenyewe kwa jina: "Nimesonya pale nilipokuuliza ada. Haikuwa sawa. Nilitaka kujua kama imebaki kiasi gani." Sentensi tatu, ondoka. "Samahani kama umekwazika" siyo kuomba msamaha, umemrudishia yeye tatizo. Na kama watoto waliona, kiseme watoto wakisikia, maana wao walishajifunza kusonya, wajifunze na la pili.

HATUA YA 7: Safisha na kwa watu

Kuanzia wiki ya pili angalia unavyomtaja akiwa hayupo. Kwenye grupu la wasap la ndugu, kijiweni, saluni, kwa mama yako. Kijembe cha stetasi ambacho hakijataja jina kila mtu anajua ni cha nani, na kanga yenye fumbo ukaivaa siku wifi wanakuja ni hivyohivyo, tumekulia humo tunajua kazi yake. Habari inarudi nyumbani kila siku, na ikirudi inabeba na nyongeza. Lakini sifa nayo inarudi. Nilimwambia dada yangu mbele ya watu kwamba bila duka la mama Nasra mwaka huu tungekopa ada, wala sikupanga ifike. Siku mbili baadaye mama Nasra akiwa anakata vitunguu akaniuliza bila kuniangalia, "Hivi wewe unaonaje, nichukue na fremu ya pembeni?" Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi ananiuliza kitu cha dukani. Nikaangalia mikono yangu, nikauliza kodi shilingi ngapi.

UKIKWAMA

"Nikimsifia ananicheka, anasema leo umekula nini." Kawaida kabisa wiki ya kwanza, anapima kama ni mtego. Usijieleze, usinune. Sema "nimeona tu" na uendelee na shughuli yako. Kwa wengi inapungua kufika siku ya 10 hivi, ikiwa hujadai kitu.

"Ni utani tu, sisi tumezoea." Utani upo na ni mtamu, mtani wako akikwambia msiba wenu una pilau mbaya mnacheka wote mnakula. Kipimo ni rahisi: je, na yeye ana ruhusa ya kukurudishia palepale ukacheka? Na je, mada ni ile inayomuuma kweli, kama mshahara, mwili, kizazi, kwao? Kama anacheka peke yake mwenye kusema, siyo utani.

"Nimesema kwa sauti nzuri lakini bado anasema namdharau." Mwombe akuonyeshe ni wapi, alafu usimpinge. Mara nyingi ni uso, siyo maneno. Muulize usiku mmoja mkiwa sawa, "nikikasirika uso wangu unafanyaje?" Atakuigiza, na utashangaa. Mimi niliigizwa na mtoto.

"Mwenye dharau ni yeye, mimi nifanyeje?" Fanya hatua ya 4 na 5 kwa wiki mbili hivi, alafu siku ya utulivu sema kitu kimoja kwa jina lake: "Ukizungusha macho nikiwa naongea najisikia mjinga, naomba uniambie tu hukubaliani." Akijirekebisha hata nusu, endelea. Akikudhihaki kwa hilohilo ombi, mara ya tatu, tafuteni mtu wa kukaa katikati, mshenga wenu, wazee, mlezi wa ndoa, mshauri wa kulipwa kama uwezo upo, ila asiwe mtu wa kwao wala wa kwenu anayefaidika mkigombana.

"Anapiga, anatisha, ananyang'anya simu na hela." Acha huu mwongozo, haukuandikwa kwa hiyo nyumba na sifa za kila siku kwa mtu anayekupiga zinakuweka kwenye hatari zaidi. Hapa Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla hujaenda.

"Siku 24 zimeisha, nitajuaje?" Rudia hatua ya 1, siku 3, daftari lilelile, linganisha. Mimi 23 zilishuka zikawa 6, na nne kati ya hizo zilikuwa jioni ileile moja ya kuzungumza ada. Kwa hiyo sasa hivi ada tunaizungumza Jumamosi asubuhi, tumeshakula.